Fire TV Stick inashika waifai ya hosteli lakini ukurasa wa vocha hautokei, nifanyeje?

Chumba_17

Habari za leo wakuu. Nina Fire TV Stick kwenye hosteli ya wanafunzi. Waifai ya hapa haina nywila. Ukiunganisha simu unaletewa ukurasa wenye nembo ya hosteli, unaweka namba ya vocha ya mwezi, ndipo intaneti inafunguka. Simu na laptopu hazina shida. Stiki inashika mtandao, mawimbi yamejaa, ila inaandika "Connected with problems" na ukurasa wa vocha hauji. Nimesahaulisha mtandao nikaunganisha upya, hola. Nikiwasha hotspoti ya simu kwa bando langu stiki inacheza vizuri, kwa hiyo si mbovu. Kuna namna ya kuifikisha kwenye ukurasa huo, au hizi stiki haziwezi mitandao ya aina hii?

Kibatari

Tatizo dogo sana hilo mkuu. Sahau mtandao, unganisha upya kwa kuchagua Advanced, weka IP kwa mkono na DNS 8.8.8.8. Imeisha hiyo.

Kengele

Hiyo ni Amazon wamefunga kwa nchi zetu. Weka VPN kwenye stiki, chagua Marekani, kila kitu kitafunguka. Wala usihangaike na hosteli.

Fundi_Hewani

Kengele, kasema kwa bando la simu inacheza. Nchi ni ileile, stiki ni ileile. VPN nayo inahitaji intaneti iwe imeshafunguka ndipo ijiunge, hapa haijafunguka, kwa hiyo itazunguka tu. Tuiache.

Chumba_17, stiki yako inaweza. Elewa kwanza rauta ya hosteli inafanya nini. Kifaa chochote kikijiunga kinapewa IP bila kuulizwa, ndiyo maana unaona mawimbi yamejaa. Ila rauta inazuia kila kinachotoka mpaka mtu alogini kupitia ukurasa ule. Ukishalogini, haikumbuki jina lako wala chumba chako. Inakumbuka anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kadi ya waifai, ya kile kifaa kilichofungua ukurasa. Simu yako kuwa imeruhusiwa hakuisaidii stiki kwa lolote, kwa sababu stiki ina MAC yake.

Fire TV ina dirisha dogo la kulogini linalojifungua lenyewe pale tu inapojiunga. Ukibonyeza kurudi nyuma kwa bahati mbaya, au stiki ikiamka usingizini ikiwa tayari imeunganishwa, dirisha hilo mara nyingi halirudi. Basi unaliendea wewe kwa mkono, hivi:

Nenda Settings, My Fire TV, About, Network. Soma vitu viwili na uviandike kwenye karatasi: Gateway na MAC Address. Gateway ndiyo rauta ya hosteli, MAC tutaihitaji baadaye. Halafu fungua brauza ya Silk. Kama haimo kwenye stiki, washa hotspoti ya simu, ishushe kwenye Appstore, kisha rudi waifai ya hosteli. Kwenye Silk andika anwani ya Gateway ukianza na http:// kamili, usiache ikamilishe yenyewe. Kwa mfano:

```
http://10.5.50.1
```

Usijaribu kufungua Google au YouTube ukitegemea utarushwa kwenye ukurasa wa vocha. Tovuti hizo zinatumia https, na rauta haiwezi kuingilia kati bila brauza kulalamika kuwa cheti si chake. Ukiandika http ya kawaida inakurusha bila ubishi. Tovuti ya http://neverssl.com ilitengenezwa kwa kazi hiyohiyo, itumie kama anwani ya Gateway haileti kitu.

Kabla ya yote tazama saa ya stiki. Haina betri ya kutunza muda, inachukua saa kwenye intaneti. Ikiwa imezimwa umeme muda mrefu inaweza kuamka na tarehe ya zamani, na kama ukurasa wa hosteli wenyewe ni wa https, Silk itaukataa kwa kuwa cheti kinaonekana hakijaanza kutumika. Dawa ni kuiunganisha na hotspoti ya simu kwa dakika moja hivi ipate saa, kisha unarudi waifai ya hosteli bila kuichomoa kwenye umeme.

Kibatari

Na DNS yangu je? Mbona watu wengi inawasaidia.

Fundi_Hewani

Inasaidia pale DNS ya mtoa huduma ikiwa mbovu. Hapa inaweza hata kuharibu. Rauta nyingi za kulogini zina jina la ukurasa wao ambalo linajulikana ndani ya mtandao ule tu. Ukiuliza 8.8.8.8, haijawahi kulisikia. Kwenye MikroTik, ambazo zimejaa hosteli za huku, hata ukiweka 8.8.8.8 rauta inalidaka ombi na kulijibu yenyewe kabla hujalogini, kwa hiyo hupati faida wala hasara. Zaidi ya hapo, umemwambia aweke IP kwa mkono. Akichukua iliyo ya mwenzake, wawili wanaanza kugongana. Aache rauta imgawie IP yenyewe kwa DHCP.

Kwenye simu kuna jambo la jirani na hilo: ukiwa umewasha Private DNS kwa jina maalumu, ukurasa wa vocha unaweza usitokee kabisa. Zima kwanza, logini, kisha washa.

bintiMuscat

Samahani kuingilia uzi wa watu. Mimi niko Muscat, hoteli wanaomba namba ya chumba na jina la ukoo. Nina Chromecast ile ya zamani ya duara, isiyo na rimoti. Nitaufunguaje huo ukurasa wakati haina hata brauza?

Fundi_Hewani

Dada, hiyo haiwezi yenyewe. Chromecast za zamani hazina pa kulogini, na Google wenyewe wanasema hazikubali mitandao inayotaka ukurasa wa kuingia. Chromecast with Google TV, ile yenye rimoti, ndiyo inaleta ukurasa kwenye skrini.

Hata ungeruhusiwa kwa MAC na mapokezi, kuna kikwazo cha pili. Kukasti kunataka simu na Chromecast zionane ndani ya mtandao, na waifai za hoteli karibu zote zinazuia mgeni asimwone mgeni mwingine. Ni jambo jema, la sivyo wa chumba cha jirani angekurushia video zake. Utaona dalili hii: Chromecast iko hewani, simu iko hewani, lakini alama ya kukasti haitokei. Kwako njia ni laptopu au rauta ndogo ya safari inayotengeneza mtandao wako ndani ya chumba. Simu na Chromecast zote mbili ziingie kwenye huo. Nitaeleza chini, maana naona Chumba_17 naye ataelekea huko.

MtuWaMinnesota

Kwa wenye Roku, wao wana kitu kizuri zaidi. Settings, Network, Set up connection, Wireless, chagua mtandao. Ikigundua kuna ukurasa wa kuingia inakuuliza kama uko hotelini au bwenini, unachagua "I am at a hotel or college dorm". Inawasha waifai yake ya muda na kuonyesha jina na nywila kwenye tivii. Unaiunganisha simu humo, brauza ya simu inafungua ukurasa wa hoteli, unalogini kwa kibodi ya simu. Ruhusa inaandikwa kwa MAC ya Roku, si ya simu. Vyuo vya huku vingi vina ukurasa kabisa wa kusajili MAC za tivii na magemu, kwa hiyo muulize mtu wa IT kwanza kabla hujanunua chochote.

Nyongeza kwa wanafunzi: ukiona waifai inadai jina la mtumiaji na nywila palepale kwenye dirisha la kujiunga, kabla hata ya kupewa IP, kama eduroam, huo si ukurasa wa kuingia. Ni mfumo mwingine, na Roku na Chromecast haziuwezi. Usipoteze jioni ukitafuta ukurasa ambao haupo.

Chumba_17

Fundi nashukuru, tumesogea. Gateway ni 10.5.50.1 kama ulivyobahatisha. Silk imeleta ukurasa wa vocha. Nimeandika namba, ikajibu kwa maandishi mekundu:

```
no more sessions are allowed for user 48213
```

Namba ya vocha nimeibadilisha hapa kuficha yangu, maneno mengine ni kama yalivyotokea. Simu iko hewani kwa vocha ileile.

Fundi_Hewani

Hiyo ni MikroTik, na ujumbe huo ni mwema kuliko unavyoonekana: ukurasa unafanya kazi, vocha ni hai, ila ni ya kifaa kimoja kwa wakati. Kwenye profaili ya vocha kuna kipengele cha shared-users, na kisipoguswa huwa 1. Vocha ikiwa imeisha ungeona maneno mengine: "has reached uptime limit" kwa masaa au "has reached traffic limit" kwa MB. Ndiyo maana huwa tunaomba watu wanakili ujumbe kama ulivyo, sio "imekataa".

Kama unakubali kutumia kimoja kimoja, chukua simu, fungua http://10.5.50.1/status, bonyeza log off. Kuzima waifai ya simu tu hakutoshi papo hapo, rauta itasubiri kwanza. Kwa mpangilio wa kawaida ni dakika 2 bila kuisikia simu ndipo inaitoa. Kisha logini kwenye stiki.

Ukitaka vyote viwili kwa pamoja, laptopu ya Windows 10 au 11 inaweza kulogini yenyewe na kuigawia stiki. Logini kwa laptopu. Nenda Settings, Network & internet, Mobile hotspot. Kwenye "Share my internet connection from" chagua Wi-Fi, na kwenye "Share over" chagua Wi-Fi. Weka jina na nywila yako, washa, zima ile ya kuokoa umeme isije ikakatika stiki ikilala. Stiki ikijiunga itapata IP inayoanza na 192.168.137. Rauta ya hosteli itaona MAC moja tu, ya laptopu. Simu yako nayo iingie humohumo.

Dada wa Muscat, hii ndiyo njia yako pia. Chromecast isajiliwe kwa apu ya Google Home simu ikiwa kwenye hotspoti ya laptopu, si kwenye waifai ya hoteli.

bintiMuscat

Nina iPhone tu, laptopu sikubeba. Haiwezi kugawa?

Fundi_Hewani

iPhone haigawi waifai kwa waifai. Ukiwasha Personal Hotspot inagawa bando la laini yako, waifai ya hoteli inaachwa. Baadhi ya Samsung na Pixel zinaweza. Vinginevyo ni rauta ndogo ya safari. GL.iNet ndizo rahisi: unaiwasha, simu inaingia kwenye waifai yake, unafungua 192.168.8.1, unachagua Repeater, unachagua waifai ya hoteli, kisha simu ikijaribu kufungua tovuti ya http inaletewa ukurasa wa hoteli. Ukurasa usipotokea, mara nyingi ni kile kipengele cha DNS Rebinding Attack Protection, au DNS maalumu au VPN iliyowashwa ndani ya rauta. Zima, logini, washa tena ukipenda.

Kibatari

Yote hayo ya nini? Nenda kwenye laptopu, badilisha MAC yake iwe ya stiki, logini kwa vocha, rudisha MAC ya zamani, washa stiki. Rauta itadhani stiki ndiyo iliyologini. Bure kabisa, hununui kitu.

Fundi_Hewani

Wazo lako ni sahihi kimantiki, na kwa Chromecast ya zamani lingemfaa mtu mwenye laptopu. Ila watu wengi wanakwama kwenye Windows. Dereva nyingi za waifai huko hazikubali MAC yoyote ile. Zinakubali tu ile ambayo tarakimu ya pili ni 2, 6, A au E. MAC ya stiki iliyotoka kiwandani kwa kawaida haina hiyo. Unaandika, Windows inakubali kwa uso, ukitazama bado ni MAC ya zamani. Linux haina ubishi huo:

```
sudo ip link set dev wlan0 down
sudo ip link set dev wlan0 address AA:BB:CC:11:22:33
sudo ip link set dev wlan0 up
```

Weka MAC yako badala ya hiyo ya mfano, na jina la kadi yako badala ya wlan0. Stiki iwe imezimwa wakati huo, vifaa viwili vyenye MAC moja vitapokonyana. Ukishalogini zima laptopu na uwashe stiki haraka, kumbuka zile dakika 2.

Na haimwondolei Chumba_17 shida yake. Vocha bado ni ya kifaa kimoja, stiki ikiingia simu inabaki nje. Halafu MAC iwe ya stiki yako mwenyewe. Kuchukua MAC ya mtu aliyekwisha kulipa ni kumwibia, na ni rahisi kugundulika kwa sababu wote wawili mnaanza kukatikakatika.

Chumba_17

Nimefanya ya laptopu. Laptopu iko hewani, YouTube inacheza. Stiki imeingia kwenye hotspoti yake, IP ni 192.168.137.54, ila bado "Connected with problems". Simu nayo nimeiingiza humo, inasema haina intaneti. Fayawoli ya Windows nimezima kwa kujaribu, hakuna tofauti.

Fundi_Hewani

Washa fayawoli yako. Kwenye laptopu, ikiwa kwenye waifai ya hosteli, fungua Command Prompt uandike:

```
ping 8.8.8.8
```

Niambie namba iliyo mbele ya TTL.

Chumba_17

```
Reply from 8.8.8.8: bytes=32 time=41ms TTL=1
```

Zote nne ni TTL=1.

Fundi_Hewani

Nilihisi. Admini wa hosteli yako amezuia kugawa, tena kwa makusudi. Kila pakiti ina namba ya hatua ilizobakiza, na kila rauta inapopita inapunguza moja. Ikifika sifuri inatupwa. Kwa kawaida pakiti kutoka 8.8.8.8 ingekufikia na mia na kitu. Huyu ameweka kanuni kwenye MikroTik inayoandika 1 kwenye kila pakiti inayokwenda kwa wateja. Laptopu inaipokea vizuri kwa kuwa ndiyo mwisho wa safari. Ikitaka kuisogeza mbele kwa stiki inapunguza moja, inabaki sifuri, inatupa. Ndiyo maana stiki inapata IP kutoka kwa laptopu lakini hakuna jibu la nje linaloifikia. Rauta ya safari ingekutana na ukuta huohuo, kwa hiyo vizuri hukununua.

Kibatari

Rauta yenye OpenWrt inaweza kuiongeza TTL ikiingia. Kanuni moja tu.

Fundi_Hewani

Inaweza. Lakini hapo si tena kuisaidia stiki ifungue ukurasa, ni kukwepa sharti la mwenye mtandao, na hosteli nyingi zimeandika sharti hilo kwenye fomu uliyosaini. Sitaiandika hapa.

Kibatari

Kalipa vocha yake mkuu. MB ni zake, azitumie kwa kifaa anachotaka. Mbona bando la simu hatuulizwi?

Admini_wa_Mabweni

Naomba nijibu upande wa pili, maana kazi yangu ndiyo hii, ingawa si kwenye hosteli yake. TTL inawekwa kwa sababu mtu mmoja alikuwa ananunua vocha moja ya bila kikomo na kuigawa ghorofa nzima. Laini ya hosteli ni moja, wikendi usiku wote wanataka HD. Netflix kwa HD inaweza kula mpaka GB 3 kwa saa kwa kila tivii, hesabu mwenyewe vyumba. Siwezi kumtofautisha anayegawia stiki yake na anayegawia wenzake kumi, kwa sababu kwangu wote ni MAC moja.

Ila mwanafunzi akija na MAC ya stiki yake kwenye karatasi, na namba ya chumba, ni kazi ndogo. Makosa ya maadmini wengi ni kuiweka hivi:

```
/ip hotspot ip-binding add mac-address=AA:BB:CC:11:22:33 type=bypassed
```

Inafanya kazi, stiki haiulizwi vocha tena. Tatizo ni kwamba kifaa kilichopitishwa hivyo hakihesabiwi na mfumo wa vocha na hakipati kikomo cha kasi cha profaili. Stiki moja inaweza kumeza laini yote na mimi sioni ni nani. Afadhali kuitengenezea stiki mtumiaji ambaye jina lake ndiyo MAC:

```
/ip hotspot profile set [find name=hsprof1] login-by=mac,cookie,http-chap
/ip hotspot user add name=AA:BB:CC:11:22:33 profile=tivii
```

hsprof1 ni jina linalowekwa na mpangilio wa mwanzo, angalia lako. "tivii" ni profaili ya mtumiaji unayoitengeneza kwanza na kuiwekea rate-limit unayotaka. Mimi naona Mbps 5 kwa tivii inatosha, na ndicho kiwango Netflix wanachopendekeza kwa 1080p. Herufi za MAC ziwe kubwa na nukta pacha ziwepo, la sivyo jina halitalingana na stiki itaendelea kuletewa ukurasa wa vocha. Hapo stiki ikijiunga tu rauta inailogini yenyewe kwa MAC, inahesabiwa, ina kasi yake, na simu inabaki na vocha yake.

Kwa wenye stiki za Google TV au sanduku za Android: tazama kwenye maelezo ya mtandao huo kama inatumia MAC ya kubahatisha. Ikiwa ndiyo, badilisha iwe ya kifaa chenyewe kabla hujapeleka karatasi, la sivyo utasajiliwa MAC itakayokuja kubadilika ukirudisha kifaa kwenye mipangilio ya kiwandani.

Kengele

Na kama admini anadai hela ya chai?

Admini_wa_Mabweni

Mpeleke kwa menejimenti. Hiyo si ya mtandao.

Chumba_17

Nimempelekea admini MAC pamoja na maelezo ya hapo juu. Alikuwa anataka kuweka bypassed, nikamwonyesha, akaweka ya mtumiaji. Amedai nilipie nusu ya vocha kwa mwezi kwa ajili ya tivii, nimekubali. Stiki imeingia bila kuuliza kitu, ile ya "with problems" imeondoka.

Swali moja: kabla ya hapo, nilipokuwa nalogini stiki kwa vocha, nikiiacha ikalala usiku asubuhi nakuta imetolewa, na apu hazifunguki mpaka niende Silk. Kuna jirani ana tatizo hilohilo na yeye hataki kulipia ya pili.

Fundi_Hewani

Stiki ikilala inaacha kujibu, zile dakika 2 zinapita, rauta inaitoa. Kwa vocha ya masaa hiyo ni nafuu kwake, muda hauliwi akiwa amelala. Asubuhi rauta inategemea kuki iliyo ndani ya brauza kumtambua, na kuki hiyo inaonekana Silk ikifunguliwa tu. Netflix na YouTube hazina habari nayo, ndiyo maana zinagoma. Afungue Silk kwenye anwani ya Gateway kwanza, mara nyingi itampitisha bila kuandika namba tena, kisha aende kwenye apu yake. Aiweke alamisho ili asiandike kwa rimoti kila siku.

Admini akiongeza mac-cookie kwenye login-by, rauta inaikumbuka MAC yenyewe bila brauza, kwa kawaida siku 3.

Kibatari

Mac-cookie hiyo haitamruhusu kuingiza simu na stiki kwa vocha moja kwa zamu bila kulogini?

Fundi_Hewani

Kwa zamu, pengine. Sijui admini wa jirani yake ameweka shared-users ngapi, na kuki za vifaa viwili chini ya vocha moja huwa zinagombana kulingana na toleo la RouterOS. Admini_wa_Mabweni, wewe umeiwasha kwako?

Admini_wa_Mabweni

Niliizima. Wanafunzi wakiuziana vocha iliyotumika, aliyenunua anakuta MAC ya mwenzake bado inaingia yenyewe na kushika nafasi yake. Kwa jirani huyo ningemwambia aendelee na Silk.

bintiMuscat

Mapokezi wamesema wao hawagusi MAC, wanatoa vocha za ziada tu. Rauta ya safari basi. Ikiwa hoteli nao wameweka TTL hiyo nitajuaje kabla sijanunua, na laptopu sina?

Fundi_Hewani

Shusha apu yoyote ya ping kwenye iPhone, hakikisha inaonyesha TTL, jiunge na waifai ya hoteli, ping 8.8.8.8. Ukiona mia na kitu, nunua. Ukiona 1, chukua vocha ya ziada na utafute stiki yenye brauza.